Shajara ya mradi: kuandika upya waraka wa saa za kazi za Ramadhani, ofisi ya Ngamiani, Tanga

Jumatatu, 26 Januari 2026. Waraka ulivyotufikia

Kazi ni moja: waraka wa ndani wa chama cha akiba na mikopo, ukurasa mmoja, unaobadilisha saa za kazi kwa mwezi wa Ramadhani. Rasimu iliyotoka kwa menejimenti inaanza hivi:

> YAH: MABADILIKO YA MUDA WA KAZI
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Kama mnavyofahamu, ofisi imeendelea kuwahudumia wanachama wake kwa weledi, na menejimenti inatambua mchango wa kila mtumishi. Aidha, menejimenti ilipokea na kujadili kwa kina maombi mbalimbali kuhusiana na mwezi mtukufu wa Ramadhani unaotarajiwa kuanza hivi karibuni, kutegemea mwandamo wa mwezi. Hivyo basi, inaelekezwa kuwa muda wa kazi utakuwa 7:30 - 9:30 bila mapumziko, isipokuwa kwa wale wenye majukumu maalumu, ambao watapewa maelekezo na wakuu wao.

Chini yake kuna aya tatu zaidi. Moja inasema kaunta ya fedha itafungwa saa 8:00 mchana. Nyingine, mbali kidogo, inasema Ijumaa ofisi itafungwa kwa ajili ya sala. Ya mwisho inawatakia wote utekelezaji mwema.

Mtu anayesimama mbele ya ubao wa matangazo, mfuko wa sukari mkononi, anataka kujua mambo matatu: ni lini, ni kwa nini, na je, mimi nimo. Humu "lini" hakuna kabisa, "kwa nini" imefunikwa na pongezi, na "mimi nimo" imeahirishwa kwa wakuu wa vitengo.

Tumekubaliana na masjala kwamba umbo la nje haliguswi: kumbukumbu namba, tarehe, "kutoka kwa", "kwenda kwa", "YAH", saini, mhuri na nakala. Waraka usio na hivyo hauingii kwenye jalada, na usioingia kwenye jalada hauna nguvu mtu akija kubisha. Tunachobadilisha ni kichwa na mwili tu.

Jumatano, 28 Januari. Tarehe

Hapa ndipo penye ugumu kuliko tulivyotarajia, na ndipo penye faida kubwa.

"Kutegemea mwandamo wa mwezi" ni kweli kwa mfungo, lakini haifai kwa saa za ofisi. Ramadhani ya mwaka huu inatazamiwa kuanza Jumatano 18 au Alhamisi 19 Februari. Mwezi hutangazwa usiku. Mtumishi anayetoka Pongwe angelala bila kujua kesho anatakiwa kazini saa 1:30 au saa 2:00. Isitoshe, Tanga hii wapo wanaofuata tangazo la Mufti na wapo wanaofuata mwandamo wa nchi nyingine, na ofisi haina sababu ya kuonekana imechagua upande.

Pendekezo letu: saa mpya ziwe na tarehe ya kalenda, na zisifuate mwezi. Zinaanza Jumatano 18 Februari 2026 hata kama mfungo utaanza siku ya pili yake. Hasara yake ni siku moja ya kufungua mapema bila mtu kufunga, na hiyo inavumilika. Menejimenti imekubali.

Mwisho nao tumeupatia tarehe. Mfungo ukianza tarehe 18 au 19, Idd el-Fitri itaangukia kati ya Alhamisi 19 na Jumamosi 21 Machi. Hata Idd ikiwa Jumamosi, Idd pili ni Jumapili. Kwa hiyo Jumatatu 23 Machi ni siku ya kazi kwa vyovyote, na ndiyo siku ya kurudi kwenye saa za kawaida. Tumeamua waraka utaje siku hiyo wazi, kwa sababu "hadi tarehe 20" peke yake huacha swali: tarehe 20 imo au haimo? Ukitaja siku ya mwisho na pia siku ya kurudi, swali linakufa.

Maneno tuliyoyafuta katika kipengele hiki: "hivi karibuni", "kuanzia wiki ijayo", "kuanzia tarehe ya waraka huu". Hilo la mwisho linaonekana salama, lakini sivyo. Waraka husainiwa siku moja, hupigwa mhuri siku nyingine, na kubandikwa siku ya tatu. Jina la siku lisiachwe kamwe. Tarehe ikikosewa tarakimu, jina la siku ndilo linalomshtua msomaji: akiona "Jumatano 28 Februari" atauliza, kwa kuwa 28 ni Jumamosi.

Ijumaa, 30 Januari. Sababu

Fupi. Sababu imepewa sentensi moja: "ili watumishi na wanachama wawahi nyumbani kabla ya futari." Magharibi kwa Tanga mwezi huu huingia karibu saa 12:45 jioni. Anayetoka ofisini saa 11:00 kama kawaida, akapitia sokoni kisha akangoja daladala anafika adhana inalia.

Menejimenti ilitaka ibaki "kufuatia maombi mbalimbali". Tumekataa. Sababu isiyosema kitu huzaa sababu za kubuni, na ya kwanza kubuniwa saa za kazi zinapopungua ni kwamba mshahara utakatwa. Mhasibu amethibitisha kuwa haukatwi, basi tumeongeza maneno mawili tu pembeni ya sababu: "Mshahara haubadiliki." Maneno hayo yatazuia maswali mengi kuliko waraka wote uliobaki.

Jumatatu, 2 Februari. Isipokuwa nani

"Wale wenye majukumu maalumu" hakuna anayejua ni nani, na kila mtu anaweza kujihesabu humo. Tumepita kila meza kuuliza: kanuni hii ikikugusa, inakugusaje? Kila upekee tukauandika kwa mambo matatu: nani au kitu gani, siku zipi, saa zipi. Ukikosa moja kati ya hayo, hauingii kwenye waraka mpaka mwenye nao aseme.

Yaliyobaki baada ya kuchuja ni manne:

Kaunta ya fedha hupokea na kulipa saa 2:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana tu, kwa sababu keshia lazima afunge hesabu na fedha taslimu ziende benki.

Ijumaa ofisi inafungwa saa 6:00 hadi saa 8:00 mchana kwa sala.

Jumamosi haiguswi: saa 2:30 asubuhi hadi saa 6:30 mchana kama siku zote.

Walinzi wanaendelea na zamu zao.

Tulipoyaweka mstari mmoja chini ya mwingine, ndipo tatizo likajitokeza lenyewe. Tazama kaunta na Ijumaa. Kaunta inafungwa saa 8:00. Ijumaa ofisi inafunguliwa tena saa 8:00. Yaani mwanachama anayekuja Ijumaa kuweka akiba, akakuta mlango umefungwa saa 6:10, akaambiwa "rudi saa nane", akirudi atakuta ofisi wazi na kaunta imefungwa. Anayetoka Pangani kwa basi amepoteza siku nzima. Katika rasimu ya zamani mambo haya mawili yalikuwa aya tofauti, na kila aya peke yake ilikuwa sahihi, ndiyo maana hakuna aliyeona.

Mkuu wa kaunta alipoonyeshwa alisema, "Basi semeni tu Ijumaa kaunta mwisho saa sita." Ikawa hivyo. Saa za Ijumaa alasiri kaunta itafanya hesabu za wiki bila kupokea fedha.

Kuhusu mpangilio: wapo waliodai upekee hauwezi kutangulia kanuni, na hilo ni kweli. Lakini kanuni yenyewe ni ya mstari mmoja. Inakaa kwenye sentensi ya kwanza pamoja na tarehe, sababu inafuata, kisha upekee mara moja. Kinachosukumwa chini ni taratibu: zamu za mapumziko, mashine ya mahudhurio, nani aulizwe. Mtu akishasoma kanuni huona amemaliza na kuondoka ubaoni. Upekee ukiwa aya ya tano unasomwa na yule aliyeuandika.

Jumatano, 4 Februari. Saa ipi?

"7:30 - 9:30." Mwandishi alikusudia saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Tarakimu ya kwanza ameisoma kwenye simu, ya pili ameisema kichwani. Kwa anayesoma saa za simu, hiyo ni kazi ya saa mbili. Kwa anayesoma Kiswahili, kazi inaanza mchana saa saba na nusu.

Kanuni tuliyoiweka: ndani ya waraka, saa zote ni za Kiswahili, kila moja inatanguliwa na neno "saa" na kufuatwa na sehemu ya siku. "Saa 1:30 asubuhi", si "1:30". Hata zinapofuatana mstari mmoja, "asubuhi" na "alasiri" zinaandikwa zote mbili. Hatuweki saa za aina mbili sambamba kwa mkwaju kati yake. Ilijaribiwa kwenye tangazo moja la zamani la ofisi hii na watu wakasoma upande walioupenda.

Mahali pekee panapobaki na saa za simu ni mashine ya alama za vidole, kwa kuwa yenyewe haijui nyingine. Mtu wa kompyuta amepewa karatasi tofauti: kuingia 07:30, kutoka 15:30, kuanzia 18/02/2026 hadi 20/03/2026, Jumatatu hadi Ijumaa. Karatasi hiyo haibandikwi popote. Asipobadilisha mashine, ripoti ya mwisho wa mwezi itaonyesha ofisi nzima imetoroka saa moja na nusu kila siku, na utumishi utaanza kuandika barua za kujieleza.

Ijumaa, 6 Februari. "Bila mapumziko"

Neno hili tulikuwa tumelipita kama suala la lugha, kumbe si la lugha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya walau dakika 60 anapofanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Kutoka saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri ni saa nane. Kwamba mtu amefunga na hali chakula cha mchana hakumwondolei haki ya kupumzika. Tena wapo wasiofunga, nao wanafuata saa zilezile.

Mwandishi wa waraka hana mamlaka ya kurekebisha hili kimyakimya. Tumelirudisha kwa menejimenti na sentensi mbili za maelezo, likarudi na jibu: saa moja ya mapumziko kwa zamu mbili, ya kwanza saa 6:30 hadi 7:30 mchana, ya pili saa 7:30 hadi 8:30 mchana. Adhuhuri huingia karibu saa 6:40, hivyo zamu zote mbili zinawahi sala. Ijumaa zamu hazipo, kwa kuwa wote wanapumzika saa 6:00 hadi 8:00.

Kwa hesabu ya utumishi: Jumatatu hadi Alhamisi saa saba za kazi kila siku, Ijumaa saa sita, Jumamosi saa nne. Jumla 38 kwa wiki, dhidi ya 44 za kawaida. Zote ziko chini ya ukomo wa saa 45 wa sheria hiyo. Jumla hii haiendi kwenye waraka, inabaki kwenye jalada.

Tumekumbusha pia kuwa saa za kazi ni miongoni mwa masharti yanayoandikwa kwenye maelezo ya ajira, na yakibadilika mwajiri hushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Kikao cha watumishi kimeitishwa Jumatatu asubuhi, kabla ya saini. Mtumishi mmoja anayenyonyesha ameshakubaliana na mkuu wake saa zake za kwenda kwa mtoto. Hayo ni ya mtu na ofisi yake, hayabandikwi ubaoni.

Jumatatu, 9 Februari. Rasimu mpya

Imepita kwenye kikao bila kuongezwa neno. Mwili mzima ni huu:

> YAH: SAA ZA KAZI KUANZIA JUMATANO 18 FEBRUARI HADI IJUMAA 20 MACHI 2026
>
> Kuanzia Jumatano 18 Februari 2026, kazi itaanza saa 1:30 asubuhi na kumalizika saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Lengo ni watumishi na wanachama kuwahi nyumbani kabla ya futari. Mshahara haubadiliki. Saa za kawaida zitarudi Jumatatu 23 Machi 2026.
>
> Isipokuwa:
>
> Kaunta ya fedha: saa 2:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana. Ijumaa mwisho ni saa 6:00 mchana.
>
> Ijumaa: ofisi nzima inafungwa saa 6:00 mchana hadi saa 8:00 mchana kwa sala.
>
> Jumamosi: hakuna mabadiliko.
>
> Walinzi: zamu hazibadiliki.
>
> Siku za Idd el-Fitri: ofisi imefungwa.
>
> Mapumziko, Jumatatu hadi Alhamisi, ni saa moja kwa zamu. Zamu ya kwanza saa 6:30 mchana hadi saa 7:30 mchana, ya pili saa 7:30 mchana hadi saa 8:30 mchana. Wakuu wa vitengo wabandike majina ya zamu kabla ya Jumatatu 16 Februari.
>
> Saa hizi zinamhusu kila mtumishi, anayefunga na asiyefunga. Mwenye swali amwone Ofisa Utumishi.

"Tafadhali husika" imeondoka na hakuna aliyeiulizia, isipokuwa mzee wa masjala, ambaye alisema waraka unaonekana kama umeingia bila kubisha hodi. Tumempa "Nakala" zake zote chini, akaridhika.

Jumanne, 10 Februari. Kuujaribu

Jaribio ni rahisi: mtu asiyehusika na kuuandika anapewa karatasi, anaisoma mara moja, inageuzwa, anaulizwa maswali. Hatuulizi "umeelewa?" kwa sababu jibu la swali hilo ni "ndiyo" siku zote, hasa anayeuliza akiwa mkubwa. Tunauliza la kutenda: Ijumaa tarehe 27 Februari mwanachama akija saa 8:15 mchana kuweka fedha, unamwambiaje? Jumatatu tarehe 23 Machi unaingia saa ngapi?

Dada wa mapokezi alijibu yote. Keshia alijibu yote, ila alitaka neno "mwisho" lifafanuliwe: aliyeko kwenye foleni saa 8:00 atahudumiwa? Jibu la mkuu wa kaunta ni ndiyo, geti la foleni ndilo linalofungwa saa 8:00. Sentensi imekuwa: "mwisho wa kuingia foleni."

Aliyetufaa zaidi ni mlinzi wa mchana. Alisoma, akasema zamu yake haibadiliki, basi hana la kubadilisha. Akaulizwa, "Geti la mbele unafungua saa ngapi?" Akajibu, "Saa mbili kasorobo, kama siku zote." Watumishi wangefika saa 1:30 wakasimama barabarani. Zamu yake kweli haibadiliki, kazi yake ndani ya zamu ndiyo inayobadilika. Mstari wa walinzi sasa unasomeka: "Walinzi: zamu hazibadiliki, lakini geti linafunguliwa saa 1:15 asubuhi."

Upekee wa "hakuna mabadiliko" unastahili kutiliwa shaka kila unapoandikwa. Uliza mtu huyo anafungua nini, anafunga nini, na anamsubiri nani.

Alhamisi, 12 Februari. Mlangoni na kwenye simu

Waraka wa watumishi hauwezi kubandikwa mlangoni kwa wanachama. Mwanachama hahitaji zamu za mapumziko, na saa 1:30 asubuhi si saa yake ya kuhudumiwa kwa fedha. Kwenye tangazo la mlangoni, kaunta imepanda juu kabisa: "KAUNTA YA FEDHA: saa 2:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana. IJUMAA: mwisho saa 6:00 mchana." Tarehe juu yake, sababu chini yake, basi. Herufi kubwa za kusomeka kutoka barabarani mlango ukiwa umefungwa, maana anayelihitaji zaidi ni yule aliyekuta pamefungwa.

Kwenye kundi la WhatsApp la wanachama, ujumbe mrefu hukatwa na kuachwa "Soma zaidi", na arifa ya simu huonyesha mistari ya mwanzo tu. Salamu ndefu ikitangulia, arifa itabeba salamu. Tumeanza na tarehe na kaunta, salamu ikafuata. Ujumbe umeandikwa kwa maneno. Picha ya waraka wenye mhuri imetumwa baada yake kwa wanaotaka ushahidi. Ikitumwa picha peke yake, mwenye bando dogo haifungui, na anayetaka kumsomea mama yake hawezi kuinakili.

Ijumaa, 13 Februari. Umetoka

Umesainiwa, umepigwa mhuri, umebandikwa ubaoni, mlangoni na ndani ya chumba cha walinzi. Tangazo la zamani la saa za kawaida limeondolewa mlangoni na kuwekwa kwenye jalada. Matangazo mawili yakikaa pamoja, watu huamini lile lililopauka, kwa sababu ndilo walilolizoea.

Yaliyobaki: wakuu wa vitengo wawili bado hawajaleta majina ya zamu. Mashine ya mahudhurio inabadilishwa Jumanne 17 Februari jioni baada ya wote kutoka. Tarehe za sikukuu ya Idd zikishatangazwa, mapokezi wataandika kwa kalamu nene kwenye nafasi iliyoachwa chini ya tangazo la mlangoni. Ijumaa 20 Machi mlinzi wa jioni ndiye wa kubandua tangazo la Ramadhani na kurudisha la kawaida. Kazi hiyo imeandikwa kwenye daftari la zamu, ukurasa wa tarehe yenyewe.